Naomba ushauri: majina ya bidhaa yanayojirudia

Habari wakuu. Katalogi ya duka langu la mtandaoni ina bidhaa 640, na zaidi ya 300 zinaitwa "Shati la kiume" tu. Nimeamua kila jina lifuate mpangilio mmoja: aina, kitambaa, rangi, saizi. Kwenye jedwali natumia:

```
=TEXTJOIN(", ",TRUE,A2:D2)
```

Hii inaruka seli tupu, kwa hiyo koma hazining'inii kama mwanzo nilipounganisha kwa &. Nikikagua kwa `=COUNTIF(E:E,E2)`, bado 41 zinatoa 2 au zaidi. Nyingi hazina rangi iliyojazwa. Uvivu wangu mwenyewe.

Ninapokwama ni saizi. Shati lilelile la M na L libaki kurasa mbili, au niziunganishe ziwe ukurasa mmoja wenye kuchagua saizi? Viungo vya zamani sitaki vife.