Vijiti vimejaa, lakini malipo hayapiti: uwanja wa Bukhungu siku ya mechi

MuuzaSoda_Kakamega: Wanajukwaa, naomba ushauri. Nauza soda nje ya uwanja wa Bukhungu. Asubuhi programu ya malipo hufunguka mara moja, lakini wakati wa mapumziko ya mechi huzunguka tu hadi mteja anaondoka. Vijiti vya mtandao vimejaa nyakati zote mbili, na nilipobonyeza `*#*#4636#*#*` nilisoma -79 dBm asubuhi na -80 dBm jioni. Je, simu inanidanganya?

Otis_Kondele: Weka hali ya ndege kwa sekunde kumi, kisha uiondoe. Mimi hufanya hivyo na mtandao hurudi.

Mama_Njoro: Hata kwangu, ukiingia jikoni, kijiti kinabaki kimoja. Nadhani ni mabati.

FundiMinara: Mama, mabati yako yanazuia mawimbi, na ndiyo maana vijiti vinapungua. Shida ya muuza soda ni nyingine. Vijiti hupima nguvu ya mawimbi ambayo mnara hutangaza muda wote, awepo mtu mmoja au wawepo elfu kumi. Havihesabu watu waliopanga foleni.

Mnara kwa kawaida una pande tatu, na kila upande una uwezo wake unaogawanywa. Tuchukulie kwamba upande unaotazama uwanja unatoa megabiti 30 kwa sekunde, na watu 600 wanavuta data kwa wakati mmoja: kila mmoja anabakiwa na kilobiti 50. Picha ya megabaiti 3 ni megabiti 24, kwa hiyo kwa mwendo huo itachukua dakika nane kushuka. Kupandisha video huwa kugumu zaidi, kwa sababu njia ya kwenda mnarani ni nyembamba kuliko ya kurudi, na mashabiki wote wanarekodi bao lile lile.

MuuzaSoda_Kakamega: Lakini malipo si picha, ni maneno machache tu.

FundiMinara: Ni kweli, ila kabla ya kutuma chochote, simu iliyokuwa imetulia lazima ibishe hodi kuomba zamu. Hodi nyingi zikigongana, kila simu husubiri kidogo na kujaribu tena, na programu yako, ambayo ina muda wake wa kuvumilia, inakata tamaa kabla ya jibu kufika. Kwa hiyo usimwambie mteja alipe mara ya pili kabla hamjaangalia salio. Huenda malipo yalipita na ni jibu tu lililokwama. Menyu ya nyota na reli haipiti kwenye foleni ya data, kwa hiyo mara nyingi hufaulu, ingawa nayo hubisha hodi.

Ndugu Otis, hali ya ndege husaidia simu ikirudi kwenye masafa yenye nafasi. Ikirudi pale pale, umeongeza hodi tu.

Otis_Kondele: Basi ashuke hadi 3G, wengi wameihama.

MuuzaSoda_Kakamega: Nilijaribu Jumapili. Kipindi cha kwanza ilifaulu, mapumziko ikagoma kama 4G. Menyu ilipita mara tatu kati ya nne.