Naomba ushauri: pete ya uchumba, jiwe liinuliwe au likae chini?

Wakuu, shikamooni. Mvaaji ni muuguzi: glavu kutwa nzima, nywele za kusuka, sweta. Jiwe ni almasi ya mviringo ya karati 1, upana kama milimita 6.5 na kina kama milimita 4.

Likiinuliwa, pete ya ndoa hupita chini yake na kulala bapa. Ila hugonga milango na kuchana glavu. Likishushwa, kikalio cha jiwe huzuia pete ya ndoa na pengo hubaki kati ya pete hizo mbili, labda itengenezwe yenye mkunjo.

Ninavyojua, kinachonasa hasa ni ncha za vile vikucha vinavyoshika jiwe, kuliko kimo chenyewe. Ncha ikiinuka kidogo tu, uzi huingia chini yake, na kila mvuto huzidi kuifungua hadi jiwe licheze. Kupima ni rahisi: pitisha soksi laini ya nailoni juu ya jiwe pande zote, ikishika, sonara aikandamize ncha hiyo na kuilainisha.

Naelemea jiwe la chini lililozungushiwa ukingo wa dhahabu badala ya vikucha. Mnaovaa glavu kazini, ukingo huo unatosha, au pete ivuliwe tu?