Boriti ya chenibloku: Macaulay inanipa mm 10.7, eneo la momenti linanipa mm 40. Nishike ipi?

Msomi_wa_Chuma
Habari za leo wakuu. Kuna gereji ya jamaa yangu, anataka kufunga chenibloku ya kunyanyulia injini. Boriti ni ya chuma, urefu mita 6, imekalia nguzo mbili A na B bila kufungwa kwa nguvu kwenye ncha. Chenibloku itaning'inia mita 2 kutoka A kwa sababu shimo la kuingilia chini ya gari liko hapo. Mzigo nimeweka 30 kN. E ni 200 GPa na I ni 5000 cm⁴, kwa hiyo EI ni 10,000 kNm².

Kwa Macaulay nimepata mnepo wa mm 10.7 chini ya mzigo. Nikasema nihakikishe kwa eneo la momenti, ikatoka mm 40. Nimerudia mara tatu. Kati ya njia hizi mbili ipi ni ya kuaminika kwa boriti ya namna hii?

Kipimo77
Mimi siku zote natumia Macaulay. Unaandika mlinganyo mmoja wa momenti, unaintegreti mara mbili, unatafuta konstanti mbili, umemaliza. Hii ya maeneo ni ya kuchora pembetatu na ukikosea kitovu kimoja kila kitu kinaharibika. Shika 10.7. Na kwa kuwa mzigo ni mmoja, mnepo mkubwa kabisa uko chini yake, basi hiyo ndiyo namba yako ya mwisho.

Mama Mihimili
Msomi, tuandikie hatua zako za eneo la momenti. Njia zote mbili ni sahihi, na zikipishana hivyo maana yake kuna mahali umesoma kitu kimoja ukakiita kingine.

Msomi_wa_Chuma
Sawa mama. Nguvu ya A ni 20 kN, ya B ni 10 kN. Momenti chini ya mzigo ni 40 kNm, mchoro ni pembetatu. Nikaugawa mara mbili pale penye mzigo: kipande cha kushoto eneo 40, cha kulia eneo 80. Nikazidisha kila eneo kwa umbali wa kitovu chake kutoka B:

```
40 × 4.667 + 80 × 2.667 = 400
400 / 10000 = 0.040 m
```

Mama Mihimili
Hesabu yako haina kosa hata moja. Ila angalia umepima wapi: umepima B. Na B imekalia nguzo! Boriti inawezaje kunepa mm 40 juu ya nguzo?

Hizo mm 40 si mnepo. Chukua rula, iweke A ifuate mteremko wa boriti pale pale inapoanza kushuka, halafu ivute moja kwa moja hadi B. Rula itapita mm 40 chini ya pale boriti ilipokalia nguzo ya B. Basi. Ni umbali kati ya boriti na tanjenti ya A, na faida yake ni kukupa mteremko wa A: gawa kwa mita 6.

```
mteremko wa A = 0.040 / 6 = 0.00667 radiani
```

Sasa rudi kwenye mzigo. Ukienda mita 2 kwenye tanjenti hiyo, unashuka 0.00667 × 2, yaani mm 13.3. Boriti haikushuka yote hiyo kwa sababu imejikunja kurudi juu ya tanjenti. Imejikunja kiasi gani? Eneo 40, kitovu chake kiko mita 0.667 kutoka kwenye mzigo, gawa kwa EI: mm 2.7. Toa: 13.3 − 2.7 = mm 10.7 ukitunza desimali zote. Ndiyo ile ile ya Macaulay.

Jirani wa Pwani
Samahanini, mimi nina mbao ya kibaraza, upande mmoja imezikwa ukutani, upande wa pili iko hewani na nimetundika ndoo ya maua. Fundi alinifanyia hesabu ya eneo mara kitovu na akaishia hapo hapo, hakutoa chochote. Ina maana alinidanganya?

Mama Mihimili
Hapana ndugu yangu, fundi wako yuko sawa. Mbao yako pale ukutani haina mteremko, tanjenti yake imelala. Umbali kutoka kwenye tanjenti ndio mnepo wenyewe. Na nadhani hapo ndipo Msomi alipojikwaa: wengi tunajifunzia njia hii kwenye boriti iliyozikwa upande mmoja, tunaizoea, kisha tunaipeleka hivyo hivyo kwenye boriti ya nguzo mbili ambako tanjenti zote mbili za ncha zimeinama.

Msomi_wa_Chuma
Ahsante sana mama, nimeiona rula. Kwa hiyo namwambia jamaa mm 10.7?

Mama Mihimili
Bado. Kipimo77, hapa sikubaliani nawe. Mnepo mkubwa uko pale mteremko unapokuwa sifuri. Chini ya mzigo mteremko ni 0.00667 ukitoa eneo 40 juu ya EI, yaani 0.004, unabaki 0.00267. Boriti bado inateremka kuelekea B. Mzigo ungekuwa katikati kabisa, ungekuwa sahihi.

Tuanzie B safari hii, maana upande huo ni mrefu na pembetatu ni moja. Mteremko wa B ni 0.00533. Momenti kutoka B inapanda 10 kwa kila mita, hivyo eneo hadi umbali x ni 5x². Tafuta x ambapo eneo hilo linamaliza mteremko wote wa B:

```
5x² = 53.33
x = 3.27 m kutoka B
mnepo = 53.33 × 2.177 / 10000 = 0.0116 m
```

Mm 11.6, na mahali ni mita 2.73 kutoka A, karibu na katikati kuliko kwenye mzigo. Kujihakikishia: jumlisha miteremko ya A na B, 0.00667 + 0.00533 = 0.012. Eneo lote ni 120, gawa kwa 10,000, ni 0.012. Visipolingana, rudi kwenye vitovu.

Kipimo77
Nakubali, nilikosea hapo. Ila mizigo ikiwa mitatu au minne bado nitatumia Macaulay, pembetatu zinakuwa nyingi mno.

Mama Mihimili
Kwa mizigo mingi hata mimi. Lakini boriti ikichomelewa bamba kati ili iwe nene, I ikabadilika, mimi nachora momenti juu ya EI na kupima eneo vipande vipande. Macaulay hapo inasumbua.

Karani wa Saiti
Kabla hamjafunga, mm 11.6 inatosha au haitoshi? Kwa BS 5950, kiwango cha Uingereza cha majengo ya chuma kilichofutwa mwaka 2010, kikomo cha boriti inayobeba dari la plasta kilikuwa urefu gawa kwa 360, yaani mm 16.7, imepita. Lakini cha boriti ya njia ya kreni kilikuwa urefu gawa kwa 600, yaani mm 10, imefeli. Na uzito wa boriti yenyewe hamjaweka, wala mtikiso wa mnyororo.

Kipimo77
Chenibloku imefungwa mahali pamoja, haitembei. Kuiita kreni ni kuikaza bure.

Karani wa Saiti
Leo haitembei. Kesho jamaa ataitilia magurudumu aisogeze hadi katikati. Mimi ningechukua boriti kubwa zaidi.

Msomi_wa_Chuma
Nitamuuliza jamaa kama ana mpango wa kuisogeza. Nikiweka mzigo katikati kwa haraka naona mm 13.5, sasa naanza kuogopa.