Wakubwa wakikwepa hasara kwa simu moja wanahurumiwa, mimi risiti moja tu duka limefungwa

Wakuu leo nina hasira, nyumbani wameshachoka kunisikiliza. Mashine yangu ya risiti ilikufa asubuhi, nikauza filta ya oili ya elfu kumi na mbili kwa risiti ya mkono, kumbe mteja ni mtu wa kodi. Faini milioni tatu, duka likafungwa siku tisa, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa na nia gani.

Sasa nimekaa tu nyumbani nikaanza kusoma kesi ya Martha Stewart, yule mama wa Marekani wa mapishi na mapambo kwenye TV. Rafiki yake Sam Waksal alikuwa bosi wa kampuni ya dawa, ImClone. Desemba 26, 2001 Waksal akapata fununu kwamba serikali itayakataa maombi ya dawa yao ya saratani, kesho yake binti yake akauza hisa za kama dola milioni mbili na nusu. Dalali wao na Martha ni mmoja, msaidizi wa dalali akamdokeza Martha kwamba kina Waksal wanauza, na yeye akauza zake zote 3,928 siku ileile. Tarehe 28 soko likishafungwa taarifa ikatoka, Jumatatu bei ikaporomoka. Mama kakwepa hasara ya dola 45,673, na aliyezinunua zile hisa hakudokezwa na mtu. Adhabu? Miezi mitano ndani na mitano nyumbani kwake!! Na akiwa ndani hisa za kampuni yake zikapanda bei.

Kipanga_wa_Jangwani: Hawa wote baba mmoja. Hata Messi alifungwa miezi 21 kwa kodi akatoka chapu.

Bi_Hesabu: Messi hakulala ndani hata siku moja bwana. Alihukumiwa 2016 miezi 21, na Hispania kifungo kisichozidi miaka miwili kwa mtu asiye na kosa la nyuma kwa kawaida kinasitishwa, mwaka uliofuata kikageuzwa faini ya euro 252,000. Na mleta uzi, hata wewe umekosea. Martha hakufungwa kwa kuuza zile hisa. Mahakama ya jinai haikumshtaki kwa hilo kabisa, alifungwa kwa kuwadanganya wapelelezi.

Mleta uzi: Si ndo mbaya zaidi hiyo dada?

Bi_Hesabu: Ndo penyewe hapo. Ukitaka kumfunga mtu kwa kuuza hisa kwa siri ya ndani ya kampuni inabidi uonyeshe alijua kwamba aliyempa habari anavunja wajibu wake wa kutunza siri, na Martha alikuwa na maelezo yake, kwamba walishakubaliana na dalali auze bei ikishuka chini ya dola 60. Kwa hiyo suala la hisa lenyewe likapelekwa upande wa madai, 2006 akalipa kama dola 195,000 bila kukiri wala kukana, basi. Wewe nia yako haikuulizwa kwa sababu kosa la risiti halihitaji nia. Yeye kila kitu kinazunguka kwenye nia, na nia ya mtu mwenye mawakili wazuri ni ngumu kuithibitisha. Mwongozo wa hukumu ulikuwa miezi 10 mpaka 16, jaji akachukua ya chini kabisa akaigawa nusu kwa nusu.

mtu_wa_pwani: Samahani mi naomba kuuliza, shemeji yangu mhasibu wa kampuni moja iko sokoni kaniambia ninunue hisa kabla ya mwezi kuisha. Na mimi nitafungwa?

Bi_Hesabu: Amekwambia kwa nini?

mtu_wa_pwani: Gawio limeongezeka ila halijatangazwa.

Bi_Hesabu: Usinunue. Na ufute hiyo meseji yako hapa.

Mzee_Kobe: Mnalialia lakini Waksal mwenyewe mbona mnamruka? Alipigwa miaka 7 na miezi 3. Na humo kulikuwa na kodi pia, alinunua michoro tisa ya dola milioni 15, karatasi zikaandikwa imepelekwa kiwandani New Jersey wakati imetundikwa kwenye nyumba yake New York, akakwepa kodi ya mauzo dola milioni 1.2. Mkubwa anafungwa vizuri tu.

Mleta uzi: Mzee huyo alikiri mwenyewe, angekaza kama Martha je? Na mimi mbona sikupewa nafasi ya kulipa bila kukiri wala kukana?

Mzee_Kobe: Wewe uliuza bila risiti ya mashine, ukane nini sasa.

Mleta uzi: Mashine ilikufa mzee!!! Nina mpaka meseji ya fundi, saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Bi_Hesabu: Ulitoa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo kwamba imeharibika? Maana hapo ndipo ungekuwa na pa kushika.

Mleta uzi: Nilipiga simu. Haikupokelewa.