Bango la malipo mapokezini: bei kwa shilingi au kwa dola?

Mwenyeji_Nyali: Salaam jamani. Nina nyumba ya wageni, vyumba sita, na msimu unakaribia. Nataka bango la kueleza M-Pesa, kadi na fedha za kigeni. Bei niandike kwa shilingi au dola?

BiKizingo: Wageni wako ni wa wapi? Mashine ya kadi unayo? Bila hayo tutabahatisha tu.

Kijana_Shimanzi: Andika dola, yaishe. Shilingi ikishuka huumii.

Karani_Mapokezi: Nusu umepatia. Mgeni wa Nairobi atalipa kwa M-Pesa, utamgeuzia kwa bei gani? Tuchukue bili ya 38,700. Mgeni mwenye dola anatazama simu, anaona 129, anatoa dola 300. Duka la fedha linanunua kwa 126, unapata 37,800. Umepungukiwa 900. Ile ya simuni ni bei ya katikati, kati ya ya kununua na ya kuuza, dukani huipati. Kwa hiyo andika shilingi, na chini yake: "Leo tunapokea dola kwa 126." Ibadilishe kila asubuhi. Mgeni atatoa dola 308, umrudishie shilingi 108.

Mwenyeji_Nyali: Wengi ni Wajerumani na watu wa Nairobi. Mashine ninayo, ya benki.

Karani_Mapokezi: Basi kwenye kadi ndiko pa kuangalia. Mashine nyingine zikitambua kadi ya nje huuliza: shilingi au yuro? Tuseme benki yake ingemkata kwa 150, yaani yuro 258. Mashine ikimgeuzia kwa 143, analipa 270.63. Akifika kwao ataona mmemwibia, na chumba ni kilekile. Karani asimbonyezee. Mpeni mashine mkononi achague mwenyewe, na bango liseme kuwa akichagua shilingi, benki yake ndiyo itakayogeuza.

Kijana_Shimanzi: Makuu yote haya ya nini? Tili ya M-Pesa inatosha, mteja hakatwi ada.

BiKizingo: Mwanangu, Mjerumani aliyeshuka jana uwanja wa ndege wa Moi ana laini gani? Kusajili kwa pasipoti anaweza, lakini si kila mtu atajisumbua kwa siku tatu. Na kundi likilipa pamoja, muamala mmoja hauvuki 250,000. Jambo jingine: msikubali ujumbe ulio kwenye simu ya mgeni. Subirini ujumbe wa tili yenu, mlinganishe jina na kiasi.

Msafiri_Likoni: Mimi shida yangu ni sarafu za yuro, bakshishi za wageni. Maduka hayazitaki.

Karani_Mapokezi: Noti ndizo zinazonunuliwa, na hata dola za kabla ya 2009 au zilizochanika hukataliwa au hushushwa bei. Yaandikwe hayo bangoni. Sarafu, tafuta mgeni anayerudi kwao akupe noti.

Msafiri_Likoni: Wengine wanataka punguzo ndipo wabadilishe.

Kijana_Shimanzi: Punguzo la nini, na kwao ni hela kamili?

Mwenyeji_Nyali: Na yuro nazo niziwekee bei yake bangoni, au dola zatosha?