Mrejesho: Friji na umeme unaopanda na kushuka

Niliuliza: "Umeme wangu hupungua sana jioni, na friji hunguruma bila kuwaka. Ninunue stabilaiza au kinga ya mshtuko wa umeme?"

Nilifuata ushauri wa kupima kwanza. Kwa siku nne multimita ilionyesha volti 225 hivi asubuhi, lakini kati ya saa moja na saa nne usiku zilishuka hadi 165. Hapo nilielewa kwamba kinga ya mshtuko isingenisaidia, kwa kuwa hukata miruko mikali ya ghafla tu na haiwezi kuongeza umeme uliopungua. Kule kunguruma kulikofuatiwa na mlio wa "tak" kulikuwa kompresa ikishindwa kuanza, kisha swichi yake ya joto ikiikatia umeme.

Kibandiko cha friji kinaonyesha ampea 1.2. Nilikadiria kwamba wakati wa kuanza mota huvuta mara tano ya hapo, yaani ampea 6, ambazo kwa volti 230 ni VA 1380; kwa hiyo nilichukua stabilaiza ya VA 1500 inayopokea volti 140 hadi 260. (Muuzaji alisisitiza ile ya 500, akihesabu matumizi ya kawaida pekee.)

Nimeiweka kwenye ucheleweshaji wa dakika tano, ili baada ya umeme kukatika shinikizo la gesi lisawazike kabla kompresa haijaanza tena. Jana usiku umeme ulioingia ulikuwa volti 168, uliotoka 222, na friji iliwaka mara moja.