Vifurushi vya sauti za kompyuta ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu, nimechoka. Natengenezea maduka ya Kariakoo matangazo ya sauti kwa mtambo wa kulipia unaosoma maandishi, kifurushi changu ni herufi 30,000 kwa mwezi. Tangazo moja ni kama herufi 900, kwa hesabu ya karatasi yanatoka thelathini na kitu. Thubutu! Nafasi kati ya maneno inahesabiwa, nukta inahesabiwa, na ukitengeneza upya unakatwa zote tena, hata kama kosa ni la mtambo wao.

Na makosa ni ya kila siku. Ukiandika "Sh 45,000", inasomwa Kizungu katikati ya Kiswahili. Inabidi uandike "shilingi elfu arobaini na tano": herufi 9 zimekuwa 30. Sasa tangazo lenye bei kumi je? Orodha ya sauti ni ndefu, lakini nyingi ukizipa "ng'ombe" zinajikwaa.

Kilichonipasua ni hiki. Mteja alipenda tangazo la majaribio nililotoa nikiwa kifurushi cha bure. Nikalipia kwanza, ndipo likaenda redioni. Huduma kwa wateja wananijibu: iliyotoka wakati wa bure si ya biashara, itengeneze upya. Kwa herufi zangu! Nimeitengeneza, imetoka na mkazo mwingine, mteja anasema hii siyo ile.

Kijana_wa_Tandika: Usiwasikilize hao. Ukishalipia, zote ni zako, za zamani na mpya.

fundi_mitambo: Hapana mzee. Kwa kampuni zenye sharti hilo, kinachoangaliwa ni ulikuwa kifurushi gani siku sauti ilipotoka. Tunza risiti na tarehe ya kila faili, redio wakiuliza una cha kuonyesha. Kuhusu salio, acha kutuma tangazo zima. Tuma sentensi moja moja, iliyokosewa irudie peke yake, kisha uunganishe kwenye programu ya kuhariri. Kata penye pumziko, la sivyo kiungo kinasikika. Azure ya Microsoft wana sauti za Kiswahili: Rehema na Daudi wa Tanzania, Zuri na Rafiki wa Kenya, ila huko hata alama za kuweka pumziko zinahesabiwa.

Mama Kwaya: Samahani wanangu, mimi natumia ya bure kwa matangazo ya kanisa. Sasa tunataka kuiweka mwanzoni mwa albamu ya kwaya tunayouza. Hiyo nayo ni biashara?

Kijana_wa_Tandika: Kanisa halifanyi biashara, mama.

fundi_mitambo: Albamu inauzwa, kijana. Mama, lipia mwezi mmoja, uitengeneze upya ukiwa umelipia. Ila soma masharti ya kampuni yako kwanza, hayafanani.

Mleta uzi: Fundi, ya sentensi nimeijaribu leo, salio linapumua. Lakini la redioni bado. Mteja anataka sauti ileile ya mwanzo, na mimi siwezi kuitoa tena. Nani anamrudishia hela yake?